"Regarding", "with regard to", "as regards" au "in regards to": ipi inafaa kufungulia imeli?

#1 KaraniWaBandarini

Wakuu, habari za jioni.

Niko ofisi ya klaringi hapa Dar, na imeli zote za Kiingereza kwenda kwa mawakala wa meli zinapita mezani kwangu. Leo bosi kanirudishia moja kabla haijatoka. Niliiandika hivi:

```
Subject: RE: CONTAINER DEPOSIT

Dear Madam,
In regards to the above subject. We returned the
empty container and we request our deposit.
```

Aliiprinti, akazungushia wino mwekundu "In regards to", pembeni akaandika "hiki si Kiingereza". Nilipomuuliza niweke nini akasema "regarding" au "with regard to", akachukua funguo za gari akaenda zake bandarini.

Sasa mimi hiyo "in regards to" naisoma kila wiki kwenye imeli za Wazungu wenyewe. Halafu kuna "as regards", nayo ina s mwishoni na sijawahi kusikia mtu akiilalamikia. Kosa langu liko wapi hasa? Na kati ya hizi nne, ipi ndiyo ya kufungulia imeli? Nataka kuelewa, sitaki kukariri tu.

#2 Mbezi_Juu

Zote nne maana yake ni "kuhusu". Tuma imeli mkuu, dipoziti irudi. Hakuna wakala atakayekunyima hela kwa sababu ya s moja.

#3 Ua_la_Asumini

Bosi wako anakuonea. "Regards" ni sahihi kabisa na ina s. Mimi tangu nianze kazi namalizia imeli zangu na "Kind regards", au "Best regards" kama nimemzoea mtu, na sijawahi kurudishiwa hata moja.

#4 KaraniWaBandarini

Asante dada Asumini, ila mimi nauliza neno la kuanzia imeli. Mwishoni huwa naweka hiyo hiyo ya kwako.

#5 Mkufunzi_Moro

Salaam. Nimehariri ripoti na barua za Kiingereza kwa miaka mingi, na hili ni moja ya masahihisho ninayoyafanya mara nyingi zaidi.

Dada Asumini kajibu swali lingine, lakini kapagusa penyewe. Ile "regards" ya mwishoni ni salamu. Kind regards, salamu za heri. Katika maana hiyo neno liko katika wingi siku zote, ndiyo maana lina s. Lakini kwenye "with regard to" hatutoi salamu. Hapo "regard" ni mtazamo, jicho unaloelekeza kwenye jambo, na asili yake ni kitenzi cha Kifaransa *regarder*, kutazama. Kwa hiyo "with regard to the deposit" ni kama kusema "tukielekeza macho kwenye dipoziti". Jicho hilo ni moja, halina wingi, na halichukui s. "In regard to" nayo ni hivyo hivyo, bila s, na ni sahihi ingawa haitumiki sana kama ndugu yake.

Sasa soma "with regards to the Director" kwa sikio la mtu makini. Anachosikia kwanza ni "pamoja na salamu kwa Mkurugenzi". Atakuelewa, ndiyo, lakini baada ya kujikwaa kidogo. Huko kujikwaa ndiko bosi wako alikokuzungushia wino.

#6 KijanaWaKariakoo

Mwalimu, umeeleza vizuri ila umeruka kiunzi. "As regards" ina s. Nayo ni salamu?

#7 Mkufunzi_Moro

Sijaruka kijana, nilikuwa naandaa chai.

Ile s ya "as regards" ni s nyingine kabisa. Hapo "regards" ni kitenzi, kwa maana ya kuhusu, na s yake ni ile ya nafsi ya tatu, kama "it rains", "it matters". "As regards the deposit" ni "kama inavyohusu dipoziti". Kwa kuwa ni kitenzi kinachoshika jambo lake moja kwa moja, hakihitaji "to". Ukiandika "as regards to the deposit" umeharibu.

Tena imeganda. Hata mbele yake kukiwa na vitu vingi, inabaki vile vile: "as regards the invoices", siyo "as regard the invoices". Hata ukisimulia ya mwaka jana haiwi "as regarded". Ichukue kama ilivyo.

Kwa hiyo s mbili, kazi mbili. Moja ni ya salamu, nyingine ya kitenzi. "In regards to" imebandika s pasipo na kazi ya salamu wala ya kitenzi.

#8 Shekhe_Nahau

Mwalimu Moro, naomba niongeze kutoka kwetu, maana hapa Kiswahili kinatusaidia na kinatuponza pia.

Sisi tuna "kuhusu" na tuna "kuhusiana na". Hakuna aliyelelewa na Kiswahili atakayesema "kuhusu na dipoziti", wala "kuhusiana dipoziti". Sikio linakataa. Basi "regarding" ni kuhusu, inashika jambo peke yake: "regarding the deposit". Na "with regard to" ni kuhusiana na, lazima ile "to" iwepo kama "na" ilivyo lazima. Anayeandika "regarding to your letter", na hao ni wengi, kachukua "na" ya kuhusiana akaibandika kwenye kuhusu.

Ama "as regards", hiyo ni ile "ama" niliyoanzia sentensi hii. Wazee wetu wakiandika barua husalimu, kisha huandika "ama baada ya salamu", ndipo wanaingia kwenye shauri. Wakimaliza shauri la shamba wakataka kuingia la harusi, wanasema "ama kuhusu harusi". "Ama" hiyo inamgeuza msomaji kutoka jambo hili kwenda lile. Sijaona Kiingereza kinachoikaribia kama "as regards".

#9 KaraniWaBandarini

Shekhe, hii ya kuhusu na kuhusiana na imeniingia. Kumbe nilikuwa nayo mdomoni siku zote.

#10 Mpita_Njia_Nairobi

Niaje watu wa Bongo. Huku kwetu "regarding to" tunaiona sana kwenye barua za maombi ya kazi, kwa hivyo Shekhe amesema ukweli. Lakini kuhusu "in regards to", mimi niliambiwa na mwalimu wangu wa sekondari kwamba ni tofauti ya Kimarekani na Kiingereza tu. Waingereza wanasema "with regard to", Wamarekani wanasema "in regards to". Kama "lift" na "elevator". Bosi wako pengine amesomea Uingereza, hilo tu.

#11 Mbeba_Boksi_Minnesota

Mpita Njia, niko huku Marekani mwaka wa kumi na moja, niruhusu nikurekebishe nusu.

Ni kweli huku "in regards to" utaisikia kila mahali. Kazini kwetu msimamizi anaisema kwenye kikao, anaiandika kwenye imeli, na hakuna anayeshtuka. Ila siyo kwamba ndiyo Kiingereza rasmi cha Marekani. Nilipokuwa chuo cha jamii hapa, mwalimu wa uandishi, Mmarekani wa kuzaliwa, aliikata kwenye insha yangu na kuandika "with regard to" juu yake. Nilimbishia vile vile kama Karani. Akaniambia, "Mdomoni sikuulizi. Kwenye karatasi nakuuliza."

Kwa hiyo ni neno la kusema ambalo limepanda kwenye maandishi. "As regards" ndiyo ina tofauti ya nchi: huku sijaizoea kabisa, nikiiona najua mwandishi kasomea Uingereza au kwetu Afrika Mashariki.

#12 Mbezi_Juu

Si nilisema tangu #2? Wenye lugha yao wanaandika. Lugha ni ya wanaoitumia. Kesho kutwa itaingia vitabuni na mwalimu Moro atasahihisha nyingine.

#13 Mkufunzi_Moro

Mbezi, hoja yako siidharau. Lugha zinahama, na inawezekana kabisa "in regards to" ikahalalishwa. Wapo wenye kamusi wanaoiandika tayari wakiiwekea alama kwamba ni ya mazungumzo.

Ila tofautisha maswali mawili. La kwanza ni kama watu wanaisema. Wanaisema. La pili ni kama Karani apoteze kitu akiiacha. Hapotezi chochote. Akiandika "regarding", Mmarekani ataona sawa, Mwingereza sawa, bosi sawa. Akiandika "in regards to", baadhi wataona sawa na baadhi watakunja uso. Ukiwa unadai hela ya watu, kwa nini uchague neno linalokunja uso hata wa mmoja?

#14 KijanaWaKariakoo

Bado hatujajua hiyo s ilitoka wapi. Mwalimu anasema ni ya salamu iliyopotea njia. Mbeba Boksi anasema ni mdomo wa Wamarekani. Mimi naona imetoka kwenye "as regards": mtu kaanza na "as regards", akakumbuka "with regard to", akazichanganya njiani.

#15 Shekhe_Nahau

Inaweza kuwa zote kwa pamoja. Mtu anaandika "regards" mwishoni mwa imeli mara thelathini kwa siku. Vidole vyake vikifika kwenye r-e-g-a-r-d vinaongeza s vyenyewe.

#16 Mkufunzi_Moro

Mimi nabaki na salamu, ila sina cha kumshindia Kijana. Mchanganyiko anaousema ni jambo la kawaida sana katika lugha.

#17 Mzee_wa_Faili

Vijana, hamjambo. Nimestaafu utumishi wa umma, nilianzia masijala.

Mnahangaika na mstari wa kwanza wakati jibu liko juu yake. Kwenye barua, jambo linatajwa kwenye kichwa: YAH: kwa Kiswahili, RE: kwa Kiingereza. YAH ni kifupi cha yahusu, na RE ni kifupi cha regarding. Ukishaandika hapo juu, chini unaandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", basi umemaliza. Kwa Kiingereza "The above heading is concerned". Ndivyo tulivyofundishwa.

#18 Mpita_Njia_Nairobi

Shikamoo mzee. Huku kwetu ni KUH: au MINT:, ya mintarafu. YAH nimeiona mara ya kwanza nilipotuma maombi Arusha, nikadhani ni jina la mtu.

#19 Fundi_Seva

Mzee shikamoo. YAH umepatia, RE hapana. Watu wengi wanaamini ni kifupi cha "regarding", lakini ni Kilatini, "in re", yaani katika jambo la. Mawakili wanaitumia tangu zamani kwenye majina ya kesi. Kwa upande wa imeli imeandikwa waziwazi kwenye kiwango kinachoeleza muundo wa ujumbe, RFC 5322 cha mwaka 2008: kwenye kujibu, Subject inaweza kuanza na `Re: ` na wakaeleza kabisa kwamba ni kutoka "in re".

Na hapo ndipo naona kosa la pili la Karani ambalo bosi hakulizungushia wino. Kwenye barua ya karatasi RE: ni kichwa cha habari. Kwenye imeli, RE: ni alama ya jibu, programu inaiweka yenyewe mtu akibonyeza Reply. Ukiiandika kwa mkono kwenye imeli mpya, mpokeaji anaona jibu la kitu ambacho hakukiandika. Anaanza kutafuta mazungumzo ya nyuma, hayaoni, anadhani yamepotea au wewe ni tapeli. Wanaotuma imeli za ulaghai wanaipenda sana mbinu hiyo, ili ujumbe uonekane mlishaanza kuzungumza.

Mjerumani ukimjibu kupitia programu ya Kijerumani utaona AW: badala ya Re:, kifupi cha neno lao la jibu. Waskandinavia wana SV:. Hapo ndipo unajua kwamba kwenye imeli alama hiyo inasema "najibu", haisemi "kuhusu".

#20 KaraniWaBandarini

Duh. Mimi nimekuwa nikiiweka RE: kwenye kila imeli mpya tangu nianze kazi.

#21 Ua_la_Asumini

Na mimi. Na huwa naiandika kwa herufi kubwa zote.

#22 Mzee_wa_Faili

Marahaba. Fundi, ya Kilatini nimeipokea, sikuijua. Lakini usinitupie kichwa cha habari chote. Kwenye masijala barua inafika na mamia ya nyenzake. Karani hasomi barua, anatazama Kumb. Na. na kichwa, ndipo anajua inaingia faili gani na folio namba ngapi. Ndiyo maana tulianza "Rejea barua yako Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani", na kwa Kiingereza "Reference is made to your letter". Siyo mbwembwe, barua isiyotaja rejea ilikuwa inalala kwenye trei wiki mbili.

#23 Fundi_Seva

Hilo nakubali mzee, na kwa barua za serikali libaki. Ila ndani ya imeli mazungumzo ya nyuma yanakuja yameambatana yenyewe. Kazi ya rejea inafanywa na Subject nzuri: taja kitu, taja namba ya BL, basi. "CONTAINER DEPOSIT" peke yake haimwambii wakala ni kontena lipi kati ya mia.

#24 Mkufunzi_Moro

Mzee wa Faili, heshima yako. Naomba tu niseme neno kuhusu "The above heading is concerned". Hiyo ni "husika na kichwa cha habari" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza. Msomaji wa London au Mumbai haielewi. Anauliza, kichwa cha habari kina wasiwasi gani?

Karani, nimerudi kwenye imeli yako, maana kuna jambo jingine hatujaligusa. Hata ukitoa s, mstari wako haujasimama. "With regard to the above subject." Kisha nukta. Kuna kipi hapo? Umesema "kuhusiana na jambo la hapo juu" ukanyamaza. Mtu anakusubiri umalize.

Kipimo changu ni hiki. Weka kidole juu ya lile fungu, kuanzia "With" hadi kwenye koma yake. Kinachobaki kiwe sentensi kamili. "With regard to your email of 3 March, we have attached the receipt." Funika fungu la mwanzo, kunabaki "we have attached the receipt", inasimama. Ukifunika kwako hakubaki kitu. Makosa ya namna hii ni mengi kuliko ya s, na yanamchanganya msomaji zaidi, ila hayana umaarufu.

Hebu tuambie kisa chenyewe. Kontena lipi, mmedai nini, wao wamesema nini?

#25 KaraniWaBandarini

Kontena moja la futi 40, mzigo wa vigae wa mteja. Tulilipa dipoziti kwa wakala wa meli. Kontena tupu tulilirudisha yadi, tunayo karatasi ya kupokelewa, halina tundu wala bonde. Tatizo wao wanataka kukata demareji ya siku 3, na sisi tunasema tulirudisha ndani ya siku za bure. Kwa hiyo mambo ni mawili: dipoziti irudi, na hiyo demareji waifute. Ni imeli ya kwanza, hatujawahi kuwaandikia juu ya hili, wao walipiga simu tu.

#26 Mkufunzi_Moro

Vizuri, hapo sasa kila neno linapata nyumba yake.

Kwa kuwa ni imeli ya kwanza, msomaji hana kitu mbele yake. Usimfungulie na "With regard to", maana fungu hilo likikaa mwanzoni linachukulia kwamba anajua unachorejea. Mwambie unaandika, na unaandika juu ya nini. "As regards" iweke kwa jambo la pili, pale Shekhe anaposema "ama". Ile ya salamu iende mwishoni kwa dada Asumini.

```
Subject: Deposit refund and demurrage, BL no. ...

Dear Madam,
I am writing regarding the deposit we paid for one
40-foot container. We returned it empty and
undamaged, and the yard receipt is attached. Please
refund the deposit in full.

As regards the 3 days of demurrage, the same receipt
shows that we returned it within the free days.
Please cancel the charge.

Kind regards,
```

Wakikujibu, kisha wewe ukawajibu tena, hapo "With regard to" ina mahali: "With regard to your question about the receipt, we have..." Kwa sababu sasa swali ni lao, linajulikana.

#27 Mbezi_Juu

Imekaa vizuri, nasema kweli. Ila kwa nini usiandike "about"? "I am writing about the deposit." Neno moja, mtoto wa la tano analijua, halina s, halina to.

#28 Mkufunzi_Moro

Mbezi, leo umenishinda. "About" inatosha, na mara nyingi ndiyo bora. "Regarding" ni rasmi kidogo zaidi, inafaa kwa mtu usiyemjua. Nikimwandikia mwenzangu wa ofisini natumia "about".

#29 Mzee_wa_Faili

"About" kwa wakala unayemdai? Hapana. Dai liwe na kimo. Mimi ningeweka "in respect of the deposit". Hivyo ndivyo hati za malipo zilivyoandikwa.

#30 Mpita_Njia_Nairobi

Mzee, "in respect of" hata huku iko kwenye vocha za serikali. Lakini Mmarekani ukimwandikia hiyo atafikiri unamheshimu.

#31 Mbeba_Boksi_Minnesota

Kweli kabisa, huku "in respect of" haipo midomoni. Wanajua "with respect to".

Na nina la kuuliza, maana limenikuta. Niliwahi kumwandikia mwenye nyumba wangu "Regarding the leaking pipe in the kitchen which I reported on Monday." Nikaweka nukta, nikaendelea na habari ya kodi. Akanijibu ya kodi tu. Bomba likavuja siku sita zaidi, zulia likaoza kona moja. Nilimlaumu yeye. Nikikiweka kile kidole cha mwalimu hapo, naona sikuwa nimemwambia afanye chochote kuhusu bomba.

#32 Mkufunzi_Moro

Ndilo lenyewe. Fungu lilikuwa refu, lina mahali, lina siku, likakudanganya kwamba umesema. Urefu haufanyi sentensi. Kilikosekana kitenzi cha ombi: "please send a plumber".

#33 KijanaWaKariakoo

Na "concerning"? Nayo mnaipa hukumu gani?

#34 Shekhe_Nahau

Concerning ni kuhusu, kama regarding, haina to. Ila nahisi ina uzito fulani, kama aliyeandika analeta habari mbaya.

#35 Mkufunzi_Moro

Sikubaliani na Shekhe kwenye uzito huo, naiona sawa na regarding. Tatizo lake ni jingine: "concerning" peke yake ni pia "ya kutia wasiwasi", kwa hiyo "a concerning email" na "an email concerning..." ni vitu viwili.

#36 Shekhe_Nahau

Basi huo wasiwasi ndio ninaounusa mimi.

#37 KaraniWaBandarini

Wakuu, mrejesho. Imeli ilitoka juzi asubuhi kama mwalimu alivyoipanga, bosi hakugusa neno isipokuwa aliongeza namba ya BL. RE: nimeitoa. Leo mchana wakala kajibu, na mstari wake wa kwanza ni huu:

```
In regards to your email below, please send us the
original receipt from the depot.
```

#38 Mbezi_Juu

Mwalimu Moro, njoo na kalamu yako.

#39 Mkufunzi_Moro

Nimeiona. Weka kidole juu ya "In regards to your email below". Kunabaki "please send us the original receipt from the depot". Sentensi nzima, ombi liko wazi. Mwandishi huyo ana s ya ziada, na bado kaandika mstari uliosimama kuliko ule wa kwanza wa Karani. Kwenye karatasi yangu ningeikata ile s, kwenye kazi yake ningempa alama.

#40 Mpita_Njia_Nairobi

Sasa Karani akimjibu, amfuate na s yake au aandike bila s? Mtu akikuandikia hivyo, wewe ukirudisha "With regard to", si ni kama unamsahihisha mbele ya watu waliowekwa kwenye CC?

#41 Shekhe_Nahau

Hatahisi. Nani anahesabu s za mwenzake kwenye imeli ya kontena?

#42 Mbeba_Boksi_Minnesota

Wapo wanaohesabu, Shekhe. Bosi wa Karani ni mmoja.

#43 KaraniWaBandarini

Nimejibu hivi: "Thank you for your reply. We will bring the original receipt to your office tomorrow morning." Sikuhitaji yoyote kati ya zile nne.

#44 Mzee_wa_Faili

Kabla hujaipeleka hiyo risiti halisi, piga nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Na demareji wamesemaje?

#45 KaraniWaBandarini

Demareji hawajagusa kabisa, mzee. Wamejibu aya ya kwanza tu.